Uzi: "Nyuma ya msikiti, mkabala na sheli, karibu na kituo." Kwa nini maelekezo haya yanapoteza watu, na yarekebishwe vipi?

Cherehani_Kariakoo (#1)

Wakuu, habari za leo. Nina swali la kikazi. Kwenye kadi na kwenye tangazo la ofisi yetu ya ushonaji hapa Dar tumeandika: *"Tupo nyuma ya msikiti, mkabala na sheli, karibu na kituo cha daladala."* Kila neno hapo ni kweli. Ukija na mimi nitakuonyesha msikiti, sheli na kituo. Lakini wateja wapya wanapiga simu wakiwa upande mwingine kabisa, na bodaboda wa mizigo ndiyo usiseme.

Sitaki jibu la "tuma lokesheni", hiyo tunatuma. Nataka kujua kosa liko wapi katika maneno yenyewe, na yaandikwe vipi mtu afike bila kupiga simu.

---

MzeeWaRamani (#2)

Ndugu, swali zuri. Maneno yako si ya uongo, ila kila moja limeficha swali ambalo msomaji analijibu kivyake.

Tuanze na *nyuma*. Ili kitu kiwe na nyuma, lazima kiwe na uso. Duka lina uso, ule upande wa mlango na kaunta. Daladala lina uso. Mbuyu hauna, nguzo haina, kisima hakina. Ukisema "nyuma ya duka" msikilizaji anatumia uso wa duka. Ukisema "nyuma ya mbuyu" anatumia macho yake mwenyewe: ni upande ambao mbuyu unamziba. Kwa hiyo anayetoka mjini na anayekwenda mjini wana "nyuma ya mbuyu" mbili tofauti, na wote wako sahihi.

Ubaya unazidi kwa vitu vyenye nyuso mbili. Sheli iliyoko konani imefunguka barabara zote mbili. Jengo lenye geti la magari huku na mlango wa watu kule, uso wake ni upi? Anayekuja kwa gari atasema geti, anayekuja kwa miguu atasema mlango. Hapo usitumie *nyuma* hata kidogo.

Na msikiti wako ndio mgumu kuliko vyote. Nitarudi.

---

Dereva_Boda_Tabata (#3)

Wakuu mnazunguka mbuyu. Dawa ni pini. Mtu akinitumia pini mimi sisomi hayo maneno.

---

Pwani_Asilia (#4)

Mzee ameugusa msikiti, naomba niumalizie, maana sisi watu wa pwani tunao kila mtaa.

Msikiti una nyuso mbili zinazopingana. Kwa aliyesimama barabarani, uso ni upande wa milango, na nyuma ni kule asikokuona. Kwa anayesali humo, mbele ni kibla, yaani ukuta wenye mihrabu, na nyuma ni safu za mwisho huku milangoni. Sasa misikiti mingi mlango wake mkuu upo upande usio wa kibla. Ukimwambia mtu "nyuma ya msikiti", mpita njia anakwenda nje ya ukuta wa mihrabu, na muumini wa msikiti ule anaweza kukuelewa upande wa milango. Kati yao kuna urefu wa msikiti mzima pamoja na uwanja wake, na mara nyingi ni mitaa miwili tofauti.

Lakini msikiti huohuo unakupa dawa. Makka iko karibu longitudo 39.8, Dar 39.3, Mombasa 39.7. Maana yake kibla cha pwani yetu ni kaskazini karibu kabisa, kosa lake halifiki digrii 2. Ndiyo maana wazee wengi wa pwani wakisema "upande wa kibla" wanamaanisha kaskazini hata kama hawazungumzii sala. Andika "nje ya ukuta wa kibla" na neno *nyuma* litaondoka na utata wake wote.

Ukienda bara kinabadilika. Mwanza kibla kinaelemea mashariki kwa kama digrii 15, Kigoma kama 20. Kwa kumwelekeza mtu bado kinafaa, kwa kupima kiwanja hakifai.

---

Mwl_Kiswahili_Sanifu (#5)

Nichangie upande wa lugha. *Mkabala na* ni kutazamana: vitu viwili, uso kwa uso, na katikati kuna nafasi, mara nyingi barabara. Duka lililobanana na sheli ukuta kwa ukuta haliko mkabala nayo, liko *ubavuni* au *kando* yake. Matangazo mengi siku hizi yanaandika "mkabala" kwa maana ya "jirani", na hilo ni kosa.

Pia Kiswahili kina hazina ambayo hatuitumii. *Lipo* ni mahali dhahiri, *liko* ni eneo pana, *limo* ni ndani. "Ofisi iko Kariakoo, ipo ghorofa ya kwanza, imo ndani ya uzio." Tukizingatia hivyo, nusu ya utata inakwisha.

---

MzeeWaRamani (#6)

Mwalimu, kuhusu *mkabala* nakubali maana ya asili. Ila anayeandika tangazo hawezi kumchagulia msomaji maana. Ikiwa nusu ya wasomaji wanaelewa "jirani", neno limeshapoteza kazi hata kama kamusi iko upande wako. Salama yake ni kutaja kilicho katikati: "ng'ambo ya barabara, milango inatazamana". Hapo hakuna wa kuelewa vingine.

Na *lipo/liko/limo* ni kweli kisarufi, ila watu mtaani wanavichanganya. *Limo* peke yake ndilo bado lina nguvu, kwa sababu anayesikia "limo" anajua lazima apite geti. Hilo litumike. Mteja akijua kuna geti hatazunguka uzio mara mbili akitafuta mlango unaotazama barabara.

Sasa lipo neno mmelisahau, na kwangu ndilo hatari kuliko *nyuma*. Ni *mbele*. "Duka lipo mbele ya sheli." Maana ya kwanza: mbele ya uso wa sheli, pale magari yanapoingilia. Maana ya pili: ukiipita sheli, endelea mbele, utalikuta. Konda anaposema "mbele kidogo" anatumia hii ya pili. Kwa hiyo mmoja atasimama sheli akiangaza macho na mwingine ataipita. Na maana ya pili inageuka kufuatana na unakotoka: "mbele ya sheli" kwa anayetoka mjini ni "kabla ya sheli" kwa anayeingia mjini.

Badilisha neno: *ukishaipita sheli*, au *kabla hujaifikia sheli*, na taja unatokea wapi.

---

Mama_Wawili_Goba (#7)

Samahani jamani, na mimi nina jambo kama hili. Nimenunua kiwanja, mkataba umeandikwa "kaskazini kimepakana na shamba la fulani, kusini njia, mashariki mwembe." Yule wa kaskazini ameshauza. Nifanyeje?

---

MzeeWaRamani (#8)

Dada, hilo ni jambo jingine na lina uzito wake, lifungulie uzi wake. Kwa ufupi: maelezo ya majirani yanaonyesha nani alikuwepo siku ya kuuziana, hayaonyeshi mpaka unapita wapi. Mwembe unakatwa, jirani anauza. Waite walioshuhudia mkiwa hai wote, simikeni alama pembe zote, kisha mpimaji aliyesajiliwa azipime. Usisubiri mgogoro.

---

Kamau_wa_Steji (#9)

Salamu kutoka Nairobi. Huku shida ni ileile, ila kubwa ni *karibu na*. Jengo moja kubwa likiwa maarufu, kila mtu yuko "karibu" nalo, hata aliye kilomita moja. Nadhani andikeni mita tu. Hatua 100 ni mita 100, mtu yeyote anaweza kuhesabu.

---

MzeeWaRamani (#10)

Kamau, wazo la kuhesabu ni zuri, kipimo ndicho si sahihi. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 70 hadi 75, kwa hiyo mita 100 ni hatua 135 hadi 140 hivi. Ukiandika hatua 100 ukidhani ni mita 100, msomaji atasimama mita 25 au 30 kabla ya mlango wako. Mtaa wenye maduka yaliyobanana, hayo ni maduka sita au saba.

Na hata hatua sahihi zinafaa kwa umbali mfupi tu. Zikizidi 150 mtu anapoteza hesabu, anaruka dimbwi, anapishana na mkokoteni. Hapo hesabu vitu: njia zinazochepuka, nguzo, milango. Ila sema unahesabu vitu gani. "Njia ya pili kulia" ina shida moja: kichochoro cha watu ni njia? Mwenye boda atasema ndiyo, mwenye gari atasema hapana. Andika "njia ya pili inayoingiza gari".

*Karibu* yenyewe inakua na kupungua kulingana na mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa kitu unachokitaja: karibu na uwanja wa ndege ni kilomita, karibu na kibanda cha vocha ni hatua. La pili ni chombo, kwa sababu dakika tano za boda ni karibu dakika 25 hadi 30 za miguu. La tatu ndilo linalosahaulika: vitu vingapi vya aina hiyo viko hapo. Penye vituo viwili, *karibu na kituo* haisemi kitu.

---

Cherehani_Kariakoo (#11)

Hapo umenigusa. Kituo chetu kipo pande zote mbili, cha kwenda na cha kurudi, na havitazamani. Kimoja kipo kabla ya msikiti, kingine baada.

---

Dereva_Boda_Tabata (#12)

Kwa magari kuna njia rahisi. Nchi yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kituo cha gari lako kiko kushoto siku zote. Mwambie mteja "ukitoka mjini" basi, upande wa kituo anaujua bila kuambiwa.

---

Bujumbura_Kati (#13)

Hiyo ni kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Huku Burundi, na Rwanda na Kongo, tunaendesha kulia. Mgeni kutoka kwenu akija na kanuni yake ya kushoto anasimama upande usio wake. Afadhali muandike upande wazi kila mara.

---

MzeeWaRamani (#14)

Kweli kabisa, na boda naye amesema la maana: "ukitoka mjini" ndiyo funguo. Kushoto na kulia vinakuwa na maana pale tu mtu anapojua anaelekea wapi. "Kushoto kwa duka" haisemi chochote: kushoto kwa muuzaji aliyekaa ndani akitazama nje ni kulia kwa mteja aliyesimama nje. Andika "ukiipa mgongo barabara, mkono wako wa kushoto".

Cherehani, tufanye ya kwako. Nijibu manne. Moja, barabara kuu ukitoka mjini inaelekea upande gani, na msikiti uko mkono gani? Mbili, vituo viko wapi? Tatu, sheli iko wapi, na ni kitu gani hasa kinachotazamana nayo? Nne, mlango wako unatazama nini?

---

Cherehani_Kariakoo (#15)

Barabara ukitoka mjini inakwenda magharibi. Msikiti uko kulia, milango yake inatazama barabara. Kituo cha wanaotoka mjini kipo kushoto, kabla ya kufika msikitini. Cha wanaoingia mjini kipo upande wa msikiti, ng'ambo ya pili ya msikiti. Sheli ipo kushoto, ukishaupita msikiti kidogo.

Mlango wetu unatazama ukuta wa msikiti, ule usio na milango. Sheli hatuioni kwa kweli. Kinachotazamana na sheli ni ile njia ya kuingilia kwetu.

---

MzeeWaRamani (#16)

Umeshaona? *Mkabala na sheli* ni mdomo wa njia, si ofisi. Mteja anasimama sheli, anatazama ng'ambo, haoni ushonaji, anaanza kuuliza. Na *karibu na kituo* haijasema kituo kipi, wakati msikiti uko katikati ya viwili. *Nyuma ya msikiti* tumeshaieleza. Maneno matatu, kila moja lina majibu mawili. Anayebahatisha yote matatu ni mmoja kati ya wanane, na hapo hajakosea kuhesabu milango.

Magharibi ikiwa mbele yako, kulia ni kaskazini. Kwa hiyo ukuta mnaoutazama ni wa kibla, kama Pwani_Asilia alivyosema. Ningeandika hivi:

*"Ukitoka mjini: shuka kituo cha ___ kabla ya msikiti. Vuka barabara, kisha geuka kushoto uendelee kuelekea msikitini. Hesabu njia zinazoingiza gari upande wako wa kulia. Ya kwanza iko kabla ya msikiti, iache. Ingia ya pili, ambayo mdomo wake unatazamana na sheli iliyo ng'ambo. Ukiingia, msikiti unakuwa kulia kwako. Ukuta wake ukiisha, pinda kulia. Sisi ni mlango wa tatu kushoto, unatazama ukuta wa kibla. Ukifika ___ umepita."*

*"Ukiingia mjini: shuka kituo kinachofuata sheli… "*

Hapana, ngoja. Hapo nimetaka kubahatisha. Ukiingia mjini, njia yenu iko kabla ya msikiti, na kituo unasema kiko ng'ambo ya msikiti. Kati ya kituo na mdomo wa njia, kipi kinatangulia?

---

Cherehani_Kariakoo (#17)

Kituo kinatangulia. Unashuka, unatembea kulekule gari linakoelekea, hatua kama 90, njia iko kushoto na sheli iko kulia ng'ambo.

---

MzeeWaRamani (#18)

Basi: *"Ukiingia mjini: shuka kituo kilicho kabla ya msikiti kwa upande huo, usivuke. Tembea kulekule gari linakoelekea, hatua 90 hivi. Sheli ikiwa kulia kwako ng'ambo, ingia njia iliyo kushoto kwako. Msikiti unakuwa kulia. Mengine kama juu."*

Angalia kwamba kila safari ina maelezo yake. Anayejaribu kuziweka mbili katika sentensi moja ndiye anayerudi kwenye *mbele* na *nyuma*.

Na ile "ukifika fulani umepita" usiiache. Bila hiyo, mtu aliyekosea hajui kwamba amekosea, anazidi kwenda. Weka kitu kikubwa, kilicho hatua 30 hadi 50 baada ya mlango wako, asichoweza kukikosa: transfoma, geti la shule, mwisho wa njia.

---

Pwani_Asilia (#19)

Niongeze kuhusu vitu vya kutaja. Msikiti, shule, daraja na tangi la maji havihami. Baa inabadili jina, ukuta unapakwa rangi mpya, kibanda kinaondolewa kwa siku moja. Kilicho kibaya zaidi ni kutaja kisichokuwepo: "palipokuwa na mwembe". Mwenyeji anaelewa, mgeni hana la kufanya.

---

Dereva_Boda_Tabata (#20)

Sawa, lakini bado pini inashinda yote haya kwa kuandika.

---

Mpimaji_Mdogo (#21)

Pini ni nzuri ikiwekwa vizuri, na watu wengi hawaiweki vizuri. Ukituma "mahali nilipo" ukiwa ndani ya jengo lenye bati au zege, simu inaweza kukosea kwa makumi ya mita. Utajua kwa kutazama duara la bluu linalozunguka nukta yako: likiwa pana, usitume. Toka nje, simama mlangoni penye anga wazi, subiri duara lisinyae, ndipo utume.

Pili, ramani ya simu inampeleka mtu kwenye barabara iliyo karibu na pini, si kwenye mlango. Kama pini ya Cherehani iko katikati ya nyumba, na nyumba imepakana na mtaa wa upande wa pili, boda atapelekwa mtaa ule na kukuta ukuta mtupu. Weka pini kwenye mlango, au hata hatua mbili mbele yake, njiani.

Tatu, wanaoandika namba. Namba ya kwanza ni latitudo, na kwetu Dar ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta:

```
-6.8000, 39.2800
```

Ukiisahau alama hiyo, ramani inakupeleka kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza namba, ya pili ikaanza, unafika Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Tarakimu nne baada ya nukta zinatofautisha mita 11 hivi, tano zinatofautisha mita moja na kidogo. Nne zinatosha kufika mtaa, tano ndizo za mlango. Kuandika nane hakuongezi kitu, simu yenyewe haijui kwa usahihi huo.

---

Mwl_Kiswahili_Sanifu (#22)

Na anwani za makazi je? Tangu operesheni ya 2022 mitaa mingi ina vibao vya majina na nyumba zina namba. Huo si ndio mwisho wa "nyuma ya"?

---

Mpimaji_Mdogo (#23)

Namba iandikwe, kabisa, pamoja na jina la mtaa kama lilivyo kwenye kibao na si kama wenyeji wanavyouita. Hapo ndipo panapokwama: mtaa una jina la kibao na jina la mazoea, na konda anajua la mazoea tu. Andika yote mawili. Namba inamthibitishia mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Kumtoa kituoni hadi pale bado ni kazi ya maneno.

---

Kamau_wa_Steji (#24)

Swali moja. *Upande wa pili wa barabara*. Hilo ni salama?

---

MzeeWaRamani (#25)

Hapana. Upande wa pili ukilinganisha na upi? Anayeshuka kulia na anayeshuka kushoto kila mmoja atavuka. Andika "upande wa msikiti" au "upande wa sheli", kisha kila mtu ajue mwenyewe kama anavuka.

Cherehani, kabla hujachapa kadi mpya, mpe maandishi mtu asiyepajua, mpe na kalamu, achore ramani bila kukuuliza. Kisha mpe wa pili. Michoro ikitofautiana mahali, hapo ndipo pana neno bovu. Usiwaeleze, rekebisha neno, mpe wa tatu.

---

Mwl_Kiswahili_Sanifu (#26)

Kuhusu *mkabala* bado sijakubali. Neno zuri haliachwi kwa sababu limetumiwa vibaya. Tuliandike pamoja na "zinatazamana" na watu watajifunza.

---

Pwani_Asilia (#27)

Mwalimu, kwenye kitabu sawa. Kwenye kadi ya duka nafasi ni ndogo, na "zinatazamana" peke yake inatosha.

---

Cherehani_Kariakoo (#28)

Nimewapa watu wawili. Michoro yote imefika mlango wa tatu, ila mmoja ameuweka kulia, kwenye ukuta wa msikiti wenyewe. Nadhani ni pale ninaposema "pinda kulia, mlango wa tatu kushoto", amechanganya mikono miwili katika sentensi moja.

---

MzeeWaRamani (#29)

Ndiyo, imetokea hapo. Ondoa *kushoto* ya mwisho, andika: "pinda kulia, msikiti ubaki mkono wako wa kulia, milango yote iko upande mwingine, sisi ni wa tatu." Mpe wa tatu achore.